Kila mchezaji na jina lake

SEBULENI
Na Mwanaisha Kipande

Wazazi wengi wanadhani ugomvi wa PlayStation nyumbani ni ugomvi wa zamu. Wanapanga ratiba, huyu saa moja, yule saa moja, na bado kila jioni kuna anayelia. Ratiba haina kosa. Tatizo ni kwamba wachezaji watatu wanaingia kwa jina moja, na mashine inawahesabu kuwa mtu mmoja.

Chukua nyumba moja ya Tabata ninayoifahamu. Baba amenunua PS4 iliyokwisha kutumika, ikaja na profaili ya muuzaji na gemu kadhaa ndani yake. Hakuna aliyeunda jina jipya, maana kila kitu kilikuwa kinafunguka. Kaka mkubwa, yuko kidato cha sita, alikuwa msimu wa tatu wa Career Mode kwenye EA SPORTS FC 24. Mdogo wake wa miaka tisa akawasha, akaendeleza sevu ya mwisho, akauza washambuliaji wawili kwa sababu sura zao hazikumpendeza, akacheza mechi kadhaa, na gemu ikajisevu yenyewe juu ya ile ya zamani. Mtoto hakuiba wala hakuharibu kwa makusudi. Aliingia kwa jina aliloliona kwenye skrini, akakuta timu, akaiongoza.

Dada yao alipoteza kitu kingine, na huyu hakuna aliyemsikiliza. Alimaliza hadithi yote ya Marvel's Spider-Man kwa nafasi yake mwenyewe ya kusevu, bila kugusa ya kaka yake. Alitegemea kombe la kumaliza hadithi litokee pembeni mwa skrini. Halikutokea. Kaka yake alishalipata miezi mingi nyuma, na akaunti moja hupewa kila kombe mara moja tu, hata kama gemu itamalizwa na watu kumi. Ndiyo maana kugawana nafasi za kusevu ndani ya gemu hakutoshi. Nafasi hizo zinatenganisha sevu, lakini vikombe hufuata jina lililoingia.

Anayedharau vikombe hivi hajakaa na mtoto anayevikusanya. Kuna shaba, fedha na dhahabu, na juu yake platinamu, ambayo kwa kawaida hupatikana baada ya kukusanya vikombe vingine vyote vya gemu ya msingi. Shaba ina pointi 15, fedha 30, dhahabu 90 na platinamu 300, na kila kikombe kinaandikwa tarehe na saa kilipopatikana. Ni kumbukumbu ya mchezaji. Haihamishwi kwenda akaunti nyingine, na orodha ya gemu ikishaingia hata kikombe kimoja haifutiki, labda uifiche wengine wasiione. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na katika nyumba ile daftari lilikuwa moja, limeandikwa na mikono mitatu.

Sevu nazo zimefungwa vilevile. PS4 huiwekea kila sevu alama ya akaunti iliyoitengeneza. Huwezi kuchukua sevu ya kaka, ukainakili kwenye flashi, kisha ukaiweka kwa dada. Mashine itakataa, kwa kuwa ni ya mtumiaji mwingine. Kwa hiyo kilichochanganywa hakichambuliki tena. Hakuna kitufe cha kusema msimu huu ni wa fulani na kombe lile la fulani. Dawa pekee ni kutenganisha majina mapema, ikiwezekana siku mashine inapofika nyumbani.

Kazi yenyewe haimalizi muda wa kuchemsha chai. Kwenye ukurasa wa kuingilia wa PS4 unachagua "New User", kisha "Create a User". Mashine itakuuliza habari ya PlayStation Network, na kama huna bando au hutaki akaunti ya mtandaoni kwa sasa, unabonyeza "Skip". Unampa mtu jina na picha, basi. Kuanzia hapo ana sevu zake na vikombe vyake, hata bila intaneti. Mashine moja inachukua watumiaji hadi 16, kwa hiyo hata nyumba yenye shangazi, binamu na mjomba wa mwisho wa wiki haiwezi kuijaza. Baadaye mtoto akipata akaunti yake mpya ya mtandaoni, anaiunganisha na jina lilelile, na vikombe alivyokwisha kupata vinakwenda naye.

Hatua inayosahaulika ndiyo inayorudisha ugomvi. PS4 nyingi zimewekwa ziingie zenyewe kwa jina moja zinapowashwa. Utaunda majina matatu, kisha mdogo atawasha na kujikuta tena ndani ya jina la kaka. Nenda Settings, halafu Login Settings, uondoe alama kwenye "Log In to PS4 Automatically". Kuanzia hapo kila anayewasha ataulizwa yeye ni nani. Humo humo kuna sehemu ya kuweka namba ya siri ya kuingilia, na kwa mtoto wa miaka tisa mwenye udadisi ninapendekeza jina la kaka liwekewe.

Ukiwa na pedi mbili, fahamu kwamba kila pedi inabeba jina lake. Ukiwasha ya pili, mashine inauliza nani anaishika, na taa yake inabadilika: mchezaji wa kwanza bluu, wa pili nyekundu. Watoto wakibadilishana pedi katikati ya gemu bila kubadili mtumiaji, vikombe vya huyu vitaingia kwa yule. Kwenye gemu za wawili, wa pili kupata au kutopata kombe kunategemea gemu yenyewe, lakini kama hajaingia kwa jina lake asitegemee kitu.

Hapo ndipo baba huuliza, je, sasa gemu tutanunua mara tatu? Hapana. Gemu ya CD inachezwa na jina lolote, na kila mmoja anaanza na sevu yake. Gemu iliyonunuliwa mtandaoni inahitaji hatua moja: akaunti iliyoinunua ichague "Activate as Your Primary PS4" kwenye mashine hiyo. Baada ya hapo watumiaji wote wa mashine wanaicheza. Kwenye PS5 jambo hilohilo linaitwa "Console Sharing and Offline Play". Hata PS Plus ya kaka inawafungulia wadogo zake kucheza mtandaoni. Kisichogawiwa ni hifadhi yake ya mtandaoni. Hiyo inapokea sevu za mwenye kulipia tu.

Sasa turudi kwa profaili ya muuzaji, maana nyumba ya Tabata si peke yake. Mashine nyingi za mkono wa pili zinauzwa hivyo, na mnunuzi anafurahia gemu za bure. Gemu hizo zinafunguka kwa sababu akaunti ya muuzaji imeifanya mashine hiyo kuwa "Primary PS4" yake. Siku muuzaji akiiondolea hadhi hiyo, jambo analoweza kulifanya akiwa mbali, mashine ikigusa intaneti utaona alama ya kufuli kwenye gemu. Sevu zitakuwa bado zimo, lakini chini ya jina la mtu ambaye hutakaa umwone. Anayenunua leo amwambie muuzaji aondoe akaunti yake na kufanya "Initialize PS4" mbele ya macho yake, hata kama gemu zitakwenda. Aliyekwisha kunogewa na profaili hiyo, kama yule kaka, amalizie msimu wake humo, lakini kitu kipya chochote akianze kwa jina lake. Asikurupuke kubonyeza "Delete User", kwa sababu kufuta mtumiaji kunafuta sevu zake zote. Kufuta gemu ni jambo jingine: nafasi inapatikana, sevu zinabaki, na gemu ikirudishwa unaendelea ulipoishia.

Umeme wetu nao una neno lake. Ukikatika wakati gemu inasevu, faili linaweza kuharibika, na ukiwasha mashine inakuambia limeharibika. Kwa hiyo nakala ni lazima. Kwenye PS4 chomeka flashi ya exFAT au FAT32, ingia Settings, Application Saved Data Management, Saved Data in System Storage, kisha "Copy to USB Storage Device". Kila mtu afanye akiwa ameingia kwa jina lake, na awe ameshaunganisha akaunti ya mtandaoni. Sevu nyingi ni ndogo, hivyo flashi moja ya kawaida inabeba za familia nzima. Mara moja kwa wiki inatosha, na kwa mwenye platinamu karibu, kila baada ya kucheza.

Kwenye PS5 mambo yamekazwa, na hapa nina lawama. Sevu za gemu za PS4 bado unaweza kuzitoa kwa flashi, lakini za gemu za PS5 zenyewe haziruhusiwi. Ukiacha nakala ya mashine nzima kwenye diski ya USB, sevu hizo zinanakiliwa mtandaoni tu, kwa mwenye PS Plus. Weka hilo pamoja na nilichosema juu ya hifadhi kutogawiwa, uone matokeo yake. Nyumba yenye wachezaji watatu inayolipia PS Plus moja ina mchezaji mmoja mwenye nakala ya mtandaoni, na wawili ambao, kama hakuna nakala ya mashine nzima, hitilafu moja ya mashine inawarudisha mwanzo. Sony waliruhusu flashi kwenye PS4 kwa miaka mingi. Sioni kwa nini familia inayoweka majina tofauti, kama mashine yenyewe inavyotaka, ilipishwe mara tatu ili kila jina liwe na nakala yake.

Nimesikia pia hoja ya akina mama kwamba kumpa kila mtoto jina lake ni kumfundisha uchoyo. Mimi naona kinyume. Kaka wa Tabata alianza kuficha pedi kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kulinda timu yake. Mwenye sevu yake iliyofungwa hana sababu ya kumfukuza mdogo wake mbele ya televisheni. Na kwa binamu wa likizo kuna "Play as a Guest": anacheza anavyotaka, na akitoka mashine inafuta alichofanya. Mwambieni tu kabla hajaanza, asije akamaliza gemu nzima siku ya mwisho ya likizo akidhani ataikuta Desemba.