Wenyewe Ni Watu au Ni Mlima?

Katika kikao kidogo cha washairi hapa Arusha, kijana mmoja alitusomea shairi lake kuhusu ardhi ya Meru. Kibwagizo chake kilifunguka kwa kipande hiki: "Watu wa Meru wenyewe". Tulipokwisha kumpongeza, mzee mmoja aliyeketi pembeni akamuuliza: "Mwanangu, hao wenyewe ni watu au ni mlima?" Kijana akajibu, "Ni watu, mzee wangu." Mzee akasema, "Mimi nilisikia mlima." Baadhi ya waliokuwapo walicheka, wakidhani mzee anatafuta kosa pasipo na kosa. Mimi naona swali lake lilikuwa la haki, na washairi wengi tunalikwepa.

Chanzo cha utata kimo katika namna viambishi vinavyoungana na mashina -ote na -enyewe. Katika ngeli ya U-I, umoja wake huchukua u-: u na -ote hutoa wote, u na -enyewe hutoa wenyewe. Ndiyo maana twasema mlima wote, mti wenyewe. Katika ngeli ya A-WA, wingi wake huchukua wa-, lakini irabu a humezwa na irabu inayoifuata: wa na -ote hutoa wote, wa na -enyewe hutoa wenyewe. Njia ni mbili, mwisho ni mmoja. Mlima mmoja na watu elfu huvaa neno lile lile.

Neno hilo likikaa jirani na nomino yake, hakuna taabu. "Watu wenyewe wa Meru" hakumpotoshi mtu. Taabu huanza nomino mbili zinapotangulia, moja ya watu na moja ya mlima, kisha wenyewe likaja nyuma yao. Hapo sarufi inaruhusu neno lishike yoyote kati ya hizo mbili. Kipande cha kijana wetu kinaweza kuwa na maana ya watu wenyewe ambao ni wa Meru, au watu wa Mlima Meru wenyewe, yaani wakaao mlimani hasa na si tambarare.

Sasa tutazame jambo ambalo mshairi angelifurahia kama angeligundua mapema. Jina Meru si la mlima pekee. Ni la eneo pia. Kwa hiyo linakubali upatanisho zaidi ya mmoja, na -enyewe ndiyo inayotuambia Meru ipi inasemwa:

Watu wa Meru wenyewe
Watu wa Meru yenyewe
Watu wa Meru penyewe
Watu wa Meru kwenyewe

Hesabu mizani: kila kipande kina nane. Tazama kina: vyote vinaishia na -we. Hakuna kinachobadilika katika umbo la shairi ila silabi moja, na silabi hiyo ndiyo iliyobeba maana. Yenyewe inaitaja Meru kama nchi au wilaya, kwa upatanisho wa I-ZI. Penyewe inakaza mahali mahususi, pale pale hasa. Kwenyewe inalitaja eneo kwa upana, bila kuchora mpaka. Wenyewe peke yake ndiyo yenye milango miwili.

Mtu atasema huu ni uchambuzi wa kupita kiasi. Ningekubali kama shairi lingekuwa la mandhari tu. Lakini kijana alikuwa akisimulia mkasa wa mwaka 1951, serikali ya kikoloni ilipowahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki ya mlima, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifikisha malalamiko hayo mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Waliohamishwa hawakuwa Wameru wote, wala hawakuondolewa katika mlima wote. Katika mkasa kama huu, nani, wapi na kiasi gani ndiyo kesi yenyewe.

Tena wenyewe katika Kiswahili si msisitizo tu. Ni nomino pia. Mgeni akipiga hodi akaona kimya, huuliza, "Wenyewe wapo?" Shamba linapovamiwa, husemwa, "Shamba hili lina wenyewe." Wenyewe ni wamiliki. Basi katika shairi la ardhi iliyoporwa, "Watu wa Meru wenyewe" kinaweza kuwa dai kamili la haki: hawa ndio wenye nchi. Msikilizaji akisikia mlima, dai hilo limepotea, na kimebaki kielekezi cha mahali tu.

Wapo watakaosema muktadha utaamua. Katika insha, naam. Kibwagizo kina hali yake: hurudi kila ubeti, huimbwa na hukaririwa na watu waliokwisha kusahau beti zenyewe. Lazima kijisimamie. Wapo pia watakaosema utata ni utajiri wa ushairi. Nakubali, kwa sharti kwamba mshairi ameuona na kuutaka. Kijana wetu hakuutaka. Aliulizwa, akajibu maana moja.

Kwa -ote mtego ni ule ule. "Watu wa mlima wote" na "Watu wote wa mlima" vina mizani nane nane. Cha pili hakina shaka, lakini kinaishia na -ma. Mshairi aliyefungwa na kina cha -te hukimbilia cha kwanza, na bila kujua huacha mlango wazi: ni watu wote, au ni mlima wote? Mtego huu haukai katika wote peke yake. "Mashamba ya nchi yote" nacho ni cha mizani nane, na yote inaweza kuwa ya mashamba (ya na -ote) au ya nchi (i na -ote).

Dawa ya kwanza ni kubadili nomino. Ngeli ya KI-VI haigongani na watu: "Watu wa kijiji chote" ni wa kijiji kizima, "Watu wa kijiji wote" ni watu bila kubakiza hata mmoja. Mizani nane, kina -te, na kila kimoja kina maana yake.

Dawa ya pili imo katika nafsi. Kwa sisi, -ote ina umbo lake la pekee, sote. Kwa ninyi, nyote. Shina -enyewe halina umbo kama hilo: twasema sisi wenyewe, ninyi wenyewe, na utata unabaki pale pale. Lakini mtu akisema "Watu wa mlima sote", neno sote haliwezi kuushika mlima kwa namna yoyote. Mizani ni nane, kina ni -te, na msemaji amejiweka miongoni mwa wenye nchi.

Kabla hatujaachana jioni ile, kijana alimwomba mzee kalamu. Alikata wenyewe mwishoni mwa kipande, akaliandika mara baada ya watu: "Watu wenyewe wa Meru". Kina cha -we kilipotea, na beti zote za shairi zitahitaji kupangwa upya. Nadhani kazi hiyo inamstahili.