Nusu ya Sentensi Juu ya Damu



Katika jimbo letu la Butembo-Beni kuna sentensi inayotembea bila mwisho wake. Huandikwa juu ya vitambaa, hutajwa katika maombolezo, na hunakiliwa katika daftari za vikundi vyetu: "Damu ya mashahidi ni mbegu ya…" Hapo hukatika. Kila anayeisikia huimalizia kwa neno lililo moyoni mwake. Mmoja husema "ya Kanisa", mwingine "ya amani", na kijana aliyefiwa na kaka yake aweza kusema "ya kisasi". Tukiuliza ni nani aliyeisema, majibu hutawanyika vilevile: Mtakatifu Augustino, Mtume Paulo, au "imo katika Injili".

Mahali pengine jambo hili lingekuwa mchezo wa maswali na majibu. Kwetu sivyo. Tangu Oktoba 2014, watu wa mji wa Beni na vijiji vinavyouzunguka wamekuwa wakiuawa kwa mapanga na kwa risasi, na damu imekoma kuwa mfano wa maneno. Nusu ya sentensi inayosemwa mbele ya kaburi yaweza kumfariji mfiwa, kumnyamazisha, au kumtia silaha mkononi. Kwa hiyo tunaona inafaa kuipima kwa utulivu: kwanza maneno tuliyo nayo yanabeba nini, kisha tuone ni hatari gani iliyomo katika kulibahatisha jina la msemaji.

Tuanze na maneno yenyewe. Neno "mbegu" analielewa kila mwana wa mkulima. Mbegu haitoi mazao siku ile ile inapopandwa. Hudai majira yake. Inachozaa ni cha aina yake yenyewe: apandaye maharagwe havuni mihogo. Basi anayeimalizia sentensi kwa neno "kisasi" amekwisha kuondoka katika mfano, kwa maana kisasi hakifanani na shahidi aliyekufa bila kulipiza. Neno "ni" nalo lina uzito wake. Sentensi inaeleza jambo, haitoi amri. Haisemi kwamba damu imwagwe, wala kwamba aliyeimwaga ametenda vema, wala kwamba mfiwa asilie. Hayo tunaweza kuyasema kwa uhakika hata kabla ya kumjua msemaji, kwa kuwa yanatoka katika maneno tuliyo nayo mkononi. Zaidi ya hapo inatupasa tusimame.

Lakini wengi hawasimami. Hutafuta jina. Tuyatazame majina yanayotajwa, maana kila moja linaivuta sentensi upande wake.

Anayesema "imo katika Injili" ana sababu ya kudhani hivyo. Katika Injili ya Yohane, sura ya 12, Bwana wetu anataja punje ya ngano inayoanguka katika ardhi na kufa ndipo izae. Mifano miwili imefanana, na kumbukumbu imeiunganisha. Ila pale Bwana anazungumza juu ya kuutoa uhai wake mwenyewe kwa hiari. Ukilihamishia neno lile kwa mama aliyekatwa panga shambani mwake, utaufanya uuaji uonekane kuwa mpango wa Mungu uliohitaji kutimizwa. Tena utakuwa umelipa neno la mwanadamu mamlaka ya neno la Mungu, na mfiwa hatathubutu kulihoji.

Anayemtaja Augustino naye hajapotea mbali. Askofu huyo wa Hipo, katika Afrika ya Kaskazini, aliutumia mfano huohuo katika mahubiri, akiitaja damu kama mbegu na Kanisa kama mavuno yaliyochipuka. Huenda neno "Kanisa" tunalolimalizia limepata nguvu kutokana na mapokeo kama hayo. Lakini kufanana si kuzaliwa. Augustino alihubiri baada ya dhuluma za wafalme wa Roma kwisha, akiwaambia waamini waliokaa kwa amani namna ya kuwakumbuka waliotangulia. Sentensi tunayoitafuta ni ya zamani kuliko yeye kwa karibu miaka 200, na ilisemwa wakati ambapo damu ilikuwa bado inamwagika.

Msemaji wake anajulikana. Ni Tertuliano wa Kartago, mji ulio leo katika nchi ya Tunisia, na sentensi imo katika kitabu chake cha kuwatetea Wakristo, kilichoandikwa mnamo mwaka 197, katika sura ya 50, ambayo ndiyo ya mwisho. Tukiifungua sura hiyo tunakuta mambo matatu ambayo hakuna ubahatishaji ungeyatupatia.

La kwanza: Tertuliano hakuandika "mashahidi". Aliandika "Wakristo". Wala hakuandika "ya Kanisa". Sentensi yake ni fupi mno: inasema tu kwamba damu ya Wakristo ni mbegu, kisha inakwisha. Zile nukta tatu tunazogombania kuzijaza ni shimo lililochimbwa na wapokezi. Katika chanzo hakuna neno lililopotea mahali pale.

La pili: hakuwa akisema na wafiwa. Kitabu kizima kinawaelekea watawala wa Kirumi waliokaa katika viti vya hukumu. Anawaambia kwamba mateso yao hayafikii lengo lao. Kila wanapowafyeka Wakristo, idadi inaongezeka. Ni neno la mtuhumiwa usoni pa hakimu dhalimu: umeshindwa. Neno lile lile likigeuzwa na kuelekezwa kwa mjane aliyeketi juu ya mkeka, huwa jambo jingine kabisa. Kwa hakimu lilikuwa shutuma. Kwa mjane linakuwa agizo la kunyamaza.

La tatu, na ndilo lenye kufundisha zaidi: Tertuliano anaeleza mbegu hiyo inaota kwa njia gani. Anawataja wanafalsafa waliohimiza watu kuvumilia maumivu na mauti, akina Sisero na Seneka, kisha anasema kwamba maneno yao hayakuwapatia wafuasi wengi kama Wakristo walivyowapata kwa matendo. Mtu anaposimama kumtazama Mkristo asiyetikisika, hujiuliza kuna nini ndani yake. Akiuliza, hukaribia, akikaribia, hujiunga. Kwa hiyo kinachozaa ni ushuhuda ulioonwa na kuulizwa. Damu peke yake, iliyomwagika usiku katika kijiji kisicho na shahidi wa kusimulia, Tertuliano hakuahidi lolote juu yake.

Tena sentensi hiyo si kanuni ya historia. Katika Afrika ya Kaskazini ileile ya Tertuliano na Augustino, Ukristo ulififia karne kwa karne hata jumuiya zake za kale zikatoweka, ingawa damu nyingi ilikuwa imemwagika pale. Na sisi tumeona kwa macho yetu vijiji vya Beni vilivyohamwa, mashamba ya kakao yaliyoachwa, na familia zinazolala kwa wenyeji huko Butembo. Anayesema kwamba damu lazima izae, basi tusubiri tu, anaidai sentensi kile ambacho haikutoa.

Sasa tuutazame mfano wa karibu nasi. Floribert Bwana Chui aliuawa Goma mwezi wa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Alikuwa mtumishi wa ofisi ya serikali iliyokagua bidhaa zinazoingia nchini, akakataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visipite. Kanisa halikumwita shahidi siku ya mazishi yake. Lilikusanya habari, likawasikiliza waliomjua, likapima kama aliuawa kwa ajili ya imani yake. Alitangazwa mwenyeheri huko Roma tarehe 15 Juni 2025, karibu miaka 18 baadaye. Hapo mfano wa mbegu unakaa sawasawa na maelezo ya Tertuliano: kijana alitenda jambo, watu wakaona, wakauliza kwa nini mtu afe kwa sababu ya chakula kilichooza, na katika kuuliza wakamkaribia Yule aliyemwamini.

Tuone pia adabu iliyomo katika mwendo huo. Ikiwa Kanisa lenyewe halibahatishi nani ni shahidi, sisi tuna haraka gani ya kubahatisha nani alisema? Waliouawa Beni ni Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu, na wasio na dini. Wengi wao hawakuulizwa imani yao; walikutwa nyumbani au shambani. Tunawaombea wote na kudai haki kwa ajili ya wote. Lakini kuwaita wote mashahidi ili sentensi yetu ikae vizuri ni kuwavika vazi ambalo hatukuulizwa kuwavika.

Basi nusu ya sentensi ikifika katika kikundi chenu, iandikeni kama ilivyofika, pamoja na nukta zake, bila kuongeza neno. Andikeni kando ni nani aliyewaletea na wapi aliisikia. Chambueni maneno yaliyopo, na mpambanue yale yanayotoka ndani yake na yale mnayoyatamani. Pale pa jina pawe wazi. Mtu akitaja mtakatifu bila kutaja kitabu wala sura, hilo bado si jina la chanzo. Na watu wawili wakitaja watakatifu wawili, mjue kwamba hakuna hata mmoja aliyesoma. Hata jina la kweli huja na mtego wake: Tertuliano hakutangazwa mtakatifu kamwe, na katika miaka yake ya baadaye alifuata kundi la Montano lililotengana na Kanisa. Anayeandika "Mtakatifu Tertuliano" kwenye kitambaa amepata jina, ila kivumishi amekibahatisha.

Hadi chanzo kipatikane, yatosha kusema "kuna msemo". Maneno hayo mawili hayamwaibishi mtu. Na pale kaburini, mbele ya aliyefiwa, yatupasa kujiuliza kwanza kama msemo huo ulielekezwa kwake. Huu wa damu na mbegu haukuelekezwa kwake. Ulielekezwa kwa wale walioiamuru damu imwagike, na bado unawangojea wao.