"Probe" ya gazetini siyo ile ya altrasaundi (Sehemu ya 6)

Wamama, leo nagombana na vichwa vya habari vya Kiingereza. Mnanitumia picha ya kichwa tu, habari yenyewe haipo, halafu mnauliza: "Nesi, nimpeleke mtoto chanjo au nisubiri?"

Chukueni mfano huu niliotunga mwenyewe kwa mtindo wao: "MPs slam ministry in vaccine probe bid".

Mama aliyesoma Kiingereza cha shule anajua "slam" ni kubamiza mlango, na "bid" ni kutaja bei mnadani. "Probe", kwa aliyewahi kupima mimba, ni kile kidude kinachopitishwa tumboni kwenye altrasaundi. Akiunganisha anapata wabunge wamebamiza wizara, na chanjo imekutwa na kitu. Hapo anaogopa, anakaa na mtoto nyumbani.

Sasa tusome wanavyomaanisha wao. Yale maneno yaliyorundikwa mwishoni, anza la nyuma kabisa. "Bid" ni jaribio: mtu anataka kitu, bado hajakipata. Anataka nini? "Probe", yaani uchunguzi. Wa nini? Wa chanjo. Na "slam" ni kulaumu kwa maneno makali tu. Kwa hiyo: wabunge wameilaumu wizara, wanataka chanjo ichunguzwe. Uchunguzi wenyewe haujaanza. Hakuna kilichogunduliwa, kizuri wala kibaya.

Mchezo huu kwa Kiswahili mnaujua. Mkisoma "Wabunge wacharuka" hamdhani wamerushiana viti. Shida ni kwamba Kiingereza cha aina hii darasani hakifundishwi.

Wahariri watajitetea kuwa nafasi ni finyu. Kwenye karatasi nawaelewa: "investigation" ina herufi 13, "probe" ina 5. Lakini kwenye simu safu ya karatasi haipo, na bado wanaandika vilevile, kwa sababu neno kali linavuta watu wabonyeze. Kwa habari za afya ya watoto huo ni uzembe. Wangeandika "MPs want vaccine investigated", mtoto wa kidato cha pili angeelewa, tena ni kifupi kuliko kile cha kwanza!

Basi ukiona "probe" au "bid", usisambaze kwenye grupu. Fungua habari, tafuta sentensi yenye "found" au "confirmed", uone nani amegundua nini. Ikiwepo, njoo nayo kliniki tuisome pamoja. Isipokuwepo, ulichosoma ni swali la mtu, halijajibiwa.

Na kwa hapa Tanzania, surua-rubela inabaki palepale: miezi 9, halafu miezi 18. Surua haitasubiri wabunge wamalize kulumbana.

Sehemu ya 7: "Nurse held". Hapana, hajabebwa. Amekamatwa.