Nyumba ya urithi mjini: tugawe hisa kabla ya vyumba

Ndugu Mhariri,

Huku Kiuyu wengi tuna nyumba ya marehemu baba Unguja mjini. Ndugu mmoja anakaa humo, wengine tuko Pemba, na kila Idi maneno ni yaleyale: yeye anakaa bure, sisi twataka kuuza.

Ugomvi huanza kwa sababu hatujui hisa zetu. Madeni na wasia vikishatolewa, tuseme baba ameacha mjane, watoto wanaume wawili na wanawake wawili. Mjane hupata thumni. Kinachobaki, mwanamume hupata mara mbili ya mwanamke. Nyumba ikigawiwa mafungu 48, mama ana 6, kila kaka 14, kila dada 7.

Hapo hesabu inajisema. Nyumba kama hiyo ikikodishwa kwa shilingi 480,000 kwa mwezi, kila fungu ni 10,000. Kaka anayekaa peke yake abaki na 140,000 zake, 340,000 azigawe kwa wenziwe. Akitaka kuimiliki, ithaminiwe, awanunue hisa zao kwa bei hiyo, na waandikiane mbele ya mashahidi.

Kinachoharibu ni kuchelewa. Mmoja akifa kabla ya mgao, fungu lake huingia kwa mkewe na wanawe, na mnaohitaji kukubaliana mnakuwa kumi na zaidi. Twende mapema Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au kwa Kadhi, mama angali hai na sote tunasalimiana.

Msomaji wako,
Kiuyu, Pemba