Hasara Isiyoandikwa Chini ya Picha

Mwaka jana na mwaka huu zimezagaa picha za Watanzania waliotua Uingereza katikati ya miaka ya elfu mbili. Picha ya kwanza ni ya uwanja wa ndege, koti limempwaya mwenyewe, begi limefungwa kamba. Ya pili ni ya sasa. Chini yake kuna maneno yanayofanana kila mahali: leo nimetimiza miaka 20 ugenini, nimepata kazi, nyumba na elimu ya watoto, nimekosa mazishi ya baba, harusi za wadogo zangu, embe la Muheza na sauti ya adhana ya kwetu. Wasomaji wanaweka mioyo na machozi, na hesabu inafungwa hapo.

Hesabu hiyo ina imani ndani yake, nayo imeenea Dar es Salaam kama ilivyoenea Reading na Leicester. Inasema kwamba aliyeondoka alipata mali, na alichokiacha ni mambo ya moyo. Faida inahesabika, hasara inaliliwa tu. Naipinga imani hiyo kwa nguvu zote, kwa sababu inawaumiza watu ninaowapenda. Sehemu kubwa ya walichokiacha ni haki zenye karatasi, na haki hizo zinaendelea kupotea wakati wao wanalilia embe.

Nichukue mfano wa dada mmoja wa Tanga ambaye mambo yake nayajua kwa karibu. Aliondoka mwaka 2005 kwa viza ya masomo. Mwaka 2007 akapata kibali cha kazi katika nyumba ya kulea wazee, mwaka 2012 akapewa ukaazi wa kudumu, na mwaka 2013 akala kiapo cha uraia wa Uingereza. Siku ile ya kiapo alipiga picha akitabasamu, na nyumbani tulimpongeza. Lakini kwa Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, mtu mzima akichukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine, wa kwetu unakoma. Hahitaji kuukana kwa mdomo wala kusubiri barua. Mkenya aliyekuwa akipishana naye zamu za usiku aliapa kiapo kilekile asipoteze chochote, kwa kuwa Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, na hata aliyeupoteza zamani anaweza kuuomba tena. Kazi ile ile, baridi ile ile, lakini mmoja alibaki mwana wa kwao na mwingine akawa mgeni kisheria.

Ugeni huo ulimuuma mwaka uliofuata. Alinunua kiwanja Kibaha, akaanza kujenga. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa hiyo alifanya kama wengi wanavyofanya: aliandikisha kwa jina la kaka yake. Kaka alikuwa mtu mwaminifu. Alisimamia mafundi, alituma picha za msingi, za kuta, za paa. Mwaka 2022 akafariki. Familia ikakaa kikao, msimamizi wa mirathi akateuliwa katika Mahakama ya Mwanzo, mali za marehemu zikaorodheshwa, na nyumba ya Kibaha ikawemo, kwani jina lililoandikwa ni la marehemu. Hapakuwa na tapeli hapo. Mjane na watoto walikuwa wanadai kilicho chao mbele ya sheria.

Dada yetu alikuwa na risiti za miaka mingi za kutuma fedha. Risiti ya kutuma fedha inathibitisha kwamba fedha zilitumwa, haisemi zilitumwa kwa makubaliano gani. Na kama angekuwa na hati ya siri inayosema nyumba ni yake, ingemshitaki yeye mwenyewe, kwani ingeonyesha alijaribu kumiliki kwa mgongo wa mtu mwingine kile ambacho sheria ilimkataza. Ndugu walikubaliana nje ya mahakama, akapewa vyumba viwili vya kufikia akija likizo. Amekubali. Anawapenda wale watoto. Lakini katika maneno yake ya miaka 20 nyumba hiyo haimo, amewataja baba na embe.

Mapema mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria yanayoleta hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nchi nyingine, na mlango wa ardhi ukafunguliwa kwao. Ni hatua ya maana, na anayestahili aiombe. Hata hivyo haimrudishii mtu uraia wala kura, na nyumba iliyokwisha kuandikwa jina la marehemu haibadiliki jina kwa hadhi hiyo.

Upande wa faida nao umeandikwa kwa haraka mno. Waliobeba boksi miaka 20 wanaamini wamejiwekea uzee wao: nitarudi, pensheni itanifuata. Itawafuata, ila kwa namna ambayo wachache wanaijua. Pensheni ya serikali ya Uingereza inahitaji angalau miaka 10 ya michango ya bima ya taifa, na ili kuipata yote kwa kanuni mpya, miaka 35. Dada yetu ana miaka 20 kwenye picha, lakini kwenye daftari la michango ana 17, kwa sababu alipokuwa mwanafunzi saa zake za kazi zilikuwa chache na mshahara haukufika kiwango. Kwa viwango vya 2025, pensheni kamili ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki. Kumi na saba ya thelathini na tano ni kama pauni 112.

Kisha linakuja jambo zito zaidi. Anayezeekea Uingereza huongezewa pensheni kila mwaka, na kwa utaratibu wa sasa nyongeza haipungui asilimia 2.5. Anayezeekea Tanzania haongezewi. Kiasi anachoanza nacho ndicho atakachozikwa nacho, kwa sababu nchi zetu mbili hazina mkataba wa kuongeza malipo hayo. Mjamaika, Mfilipino au Mmorisi aliyefanya kazi naye jengo moja akirudi kwao anaongezewa, kwani wao wana mikataba. Pauni 112 zingefika karibu 143 katika miaka 10 kwa nyongeza ndogo kabisa. Kwetu zinabaki 112, huku bei ya dawa za presha na sukari ikipanda kama kawaida yake.

Namwelewa anayeandika kuhusu mazishi aliyoyakosa. Kumzika mzazi kwa simu ni uchungu usioelezeka, wala sitaki mtu aufute. Ninachokikataa ni uchungu huo kuachiwa nafasi yote, mpaka vikundi vyetu vya Watanzania huko nje vikawa hodari wa kuchangia kusafirisha maiti, lakini havina mtu wa kukaa na wanachama jioni moja kuangalia nani ana miaka mingapi ya michango. Rekodi hiyo iko wazi kwa kila mwenye namba yake, kwenye GOV.UK, na mianya ya miaka sita iliyopita kwa kawaida inaweza kuzibwa kwa kulipia. Mwaka ulioachwa nyuma ya hapo haununuliki tena.

Na tukizungumza na balozi, tumwombe zaidi ya tamasha la nyama choma siku ya Uhuru. Tumuulize mkataba wa pensheni kati ya Dodoma na London uko wapi, nani anaujadili, na kwa nini Morisi iliupata. Dada yetu ana umri wa miaka 47. Atafikia umri wa pensheni akiwa na miaka 68, kwa hiyo viongozi wetu wana miaka 21 mingine ya kujibu.