Usiku wa Kuamkia Mtihani wa Kiingereza

Wako vijana wetu wa Kidichi ambao, kwa kutaka kusoma ng'ambo, huvuka kwenda Dar es Salaam kufanya mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS. Mwezi huu twapenda kuzungumza nao, pamoja na wazee wao, juu ya siku moja tu, nayo ni ile itanguliayo mtihani.

Kwanza ni pasipoti. Mlangoni hutakiwa ile ile aliyojiandikishia mtu, tena iwe haijapita muda wake, nakala haikubaliwi. Kijana mmoja tumjuaye alijiandikisha kwa pasipoti ya zamani, kisha akapata mpya, akaenda na hiyo mpya. Nambari hazikuafikiana, naye akarudi na boti bila ya kuandika hata herufi moja. Basi kabla ya kushuka Malindi kupanda boti, kijana na aiweke pasipoti kando ya barua aliyotumiwa ya kumthibitisha, asome jina na nambari zote mbili kwa sauti. Ikionekana tofauti, wakati huo bado aweza kuwapigia simu wahusika.

Kudurusu kusiwe kwa kufungua kitabu kipya. Sisi twashauri nusu saa ya kazi moja: mwenzake amsomee majina kumi ya Kiingereza, herufi moja moja, naye aandike. Katika sehemu ya kusikiliza majina hutajwa hivyo, na herufi ikikosewa jawabu limepotea. Sikio letu la Kiswahili hapa hudanganyika sana. Herufi E kwao hutamkwa "ii", nayo I hutamkwa "ai", na A ni "ei". Mwambieni mtu aandike Reid kwa kusikia herufi. Asiyezoea ataandika Riad, na Mwingereza wa watu amekwisha geuka mji wa Waarabu! Kadhalika G ni "jii" na J ni "jei". Akikosa mawili au matatu, ayarudie hayo tu, kisha afunge daftari.

Ama kahawa, aiache tangu alasiri. Nusu ya nguvu yake hukaa mwilini kwa muda wa saa tano hivi, na mwenye kuinywa baada ya Isha atajigeuza kitandani hadi usiku wa manane. Akisha sali Isha alale, na alfajiri itamwamsha.

Asubuhi ale chakula alichokizoea: mkate, yai, chai kikombe kimoja. Kusikiliza, kusoma na kuandika hufuatana karibu saa tatu bila ya mapumziko; atokaye kwenda haja muda wake haurudishwi. Kwa hiyo urojo na vya kukaanga tumwekee hadi atakaporejea. Maji huruhusiwa katika chupa iangazayo, isiyo na karatasi ya maandishi.

Simu haiingii chumbani, wala saa ya mkononi. Aiache kwa mwenyeji wake. Saa ya kutazama ataikuta humo humo.