Omba jina, omba tarehe: ombi la kikatiba mbele ya polisi na gereza



Kila mara kijana anashikwa ovyo, neno la kwanza kwenye makundi yetu ya simu ni hili: "Wamevunja Katiba, basi kesi imekufa." Siye tunasema hapana. Kuvunjwa kwa Katiba ni jambo moja, na kile korti itakupa juu ya kuvunjwa huko ni jambo lingine. Wengi wetu tuna diploma ya chuo kikuu na hatuna kazi, kwa hiyo wakati wa kusoma hukumu tunao. Tumesoma za Kenya, juu ya nini? Juu wenzetu wa kule wana mlango ambao sisi hatuna: ombi la kikatiba. Tunataka muone mlango huo unafungua nini, na unaishia wapi.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 22, inasema kila mtu anaweza kwenda kortini kusema kwamba haki yake imevunjwa, au iko karibu kuvunjwa. Si lazima aende yeye mwenyewe. Kama yuko kasho, rafiki, dada au chama kinaweza kwenda kwa niaba yake. Kuanzisha ombi hakulipiwi. Kanuni za 2013 zinaongeza kwamba korti inaweza kupokea hata barua ya kawaida, au maneno ya mdomo ambayo yataandikwa na korti yenyewe. Anayesikiliza ni jaji wa Mahakama Kuu, na wanaoshtakiwa kwa kawaida ni Inspekta Jenerali wa Polisi na Mwanasheria Mkuu wa serikali.

Lakini mlango kuwa wazi haimaanishi unaingia mikono mitupu. Tangu hukumu ya 1979 ya Anarita Karimi, majaji wa Kenya wanadai useme wazi: haki gani, kwenye kifungu gani, na imevunjwa namna gani. Siku hizi wamelegeza kidogo, ila anayeandika "polisi walinitesa na kuninyima haki zangu" bila kuongeza kitu, huyo bado anashindwa.

Tuchukue mfano wa kuwaza. Kijana ameshikwa Jumatatu saa nne asubuhi, analetwa mbele ya hakimu Alhamisi. Kifungu cha 49 kinataka aletwe haraka iwezekanavyo, na isipite masaa 24. Kwa hiyo Jumanne saa nne muda ulikuwa umekwisha. Ushahidi wake uko wapi? Uko kwenye karatasi za polisi wenyewe: namba ya kitabu cha matukio cha kituo, na hati ya mashtaka inayoandika tarehe ya kushikwa na tarehe ya kufikishwa kortini. Ukiwa na karatasi hizo mbili, hesabu inajifanya yenyewe. Kama alipigwa, aende hospitali mapema, daktari aandike majeraha kwenye fomu ya polisi ya P3. Jeraha linapona, karatasi inabaki.

Sasa mubadilishe siku tu. Kijana ameshikwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Masaa 24 yanaishia Jumamosi, na Jumamosi korti haikai. Katiba hiyo hiyo inasema muda ukiishia nje ya masaa ya korti, unasogea mpaka mwisho wa siku inayofuata ya korti. Maana yake Jumatatu jioni. Masiku matatu ndani, na kifungu hakijavunjwa! Askari wanaijua hiyo hesabu vizuri. Ndiyo maana kabla ya kupiga kelele ya "masaa 24" lazima kwanza uulize: ameshikwa siku gani, saa ngapi?

Tufike sasa kwenye jambo ambalo watu hawapendi kusikia. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilimwachilia Albanus Mwasia Mutua, aliyekuwa amehukumiwa kwa wizi wa kutumia nguvu. Juu ya nini? Polisi walimweka miezi minane kabla ya kumpeleka kortini. Majaji walisema kuvunja haki namna ile kunatosha kumwachilia, hata kama kuna ushahidi. Vijana wengi bado wanaishi na hukumu hiyo kichwani. Lakini mwaka 2010, katika kesi ya Julius Kamau Mbugua, mahakama ile ile iligeuka. Ilisema kucheleweshwa kasho ni kosa kweli, ila dawa yake ni fidia, si kufuta mashtaka. Tangu hapo kesi yako ya jinai inaendelea na njia yake, na ombi lako la haki linaenda na yake. Unaweza kushinda ombi, ukalipwa fidia, na bado ukafungwa kwa lile shtaka la kwanza.

Uganda wameandika tofauti. Sheria yao ya 2019 ya kutekeleza haki za binadamu inasema: kama mshtakiwa amevunjiwa haki zile zisizopunguzwa kamwe, kwa mfano ameteswa, jaji anabatilisha kesi na kumwachilia. Tena sheria hiyo inamfanya ofisa aliyevunja haki ajibu yeye mwenyewe. Hapa tunaona kwamba dawa si kitu kinachoanguka kutoka mbinguni. Ni watu wanachagua na kuandika.

Basi korti ya Kenya inatoa nini? Kifungu cha 23 kinataja: kutangaza kwamba haki imevunjwa, kuzuia kitendo kisiendelee, amri ya muda ya kulinda hali mpaka kesi isikilizwe, kufuta sheria inayokwenda kinyume, na fidia. Wengi wanakimbilia hiyo ya mwisho. Siye tunaona ndiyo dhaifu kuliko zote, kama umeiomba peke yake.

Muangalie Koigi wa Wamwere, mwanasiasa aliyewekwa kizuizini bila kesi mara ya kwanza mwaka 1975, na tena miaka ya 1980. Mahakama Kuu ilimpa shilingi milioni 2.5. Mahakama ya Rufaa ikapandisha mpaka milioni 12, mwaka 2015. Hesabuni wenyewe: miaka 40 tangu kushikwa kwa kwanza. Na hukumu ya pesa dhidi ya serikali si kama hukumu dhidi ya jirani. Kwa muda mrefu sheria ya Kenya ilikuwa inakataza kukamata mali ya serikali ili ulipwe. Unachukua kwanza cheti cha korti cha deni, unakipeleka kwa serikali, unangoja. Wasipolipa, unafungua ombi lingine la kumlazimisha katibu wa wizara. Akikataa tena, ndipo unaomba ashtakiwe kwa kudharau korti. Na pesa ikitoka, inatoka kwenye kodi ya wananchi. Yule askari aliyekupiga hatoi hata kumi.

Lakini kuna amri nyingine ambayo inauma. Tarehe 19 Agosti 2024, huko Kitengela karibu na Nairobi, watu watatu walichukuliwa na watu wasiojulikana: ndugu wawili na mwanaharakati mmoja. Polisi wakakana kuwa nao. Chama cha Mawakili wa Kenya hakikungoja warudi ili kiombe fidia. Kilienda mbele ya Jaji Lawrence Mugambi kuomba amri ya kuwaleta watu hao, wazima au wafu, mbele ya korti. Amri ya namna hiyo iko kati ya haki nne ambazo kifungu cha 25 kinasema haziwezi kupunguzwa na yeyote. Jaji akamwita kaimu Inspekta Jenerali, Gilbert Masengeli, aje mwenyewe kueleza. Hakuja. Akaitwa tena, na tena, mpaka mara saba. Tarehe 13 Septemba jaji akamhukumu miezi sita gerezani kwa kudharau korti, akasimamisha adhabu kwa siku saba ili kumpa nafasi ya kufika. Kisha walinzi wa jaji wakaondolewa, na Jaji Mkuu Martha Koome akalalamika mbele ya taifa.

Tarehe 20 Septemba, siku ya saba, wale watatu walionekana wakiwa hai, baada ya siku 32. Siku hiyo hiyo Masengeli alifika kortini akaomba msamaha, na adhabu yake ikafutwa. Siye hatusemi tunajua kilichopita usiku ule. Tunasema tu: muangalie kalenda.

Kuna tofauti gani na amri zingine? Ile haikusema "serikali iheshimu haki". Ilikuwa na jina la muntu mmoja na tarehe moja. Serikali haiendi gerezani, wizara haiogopi kitanda cha chuma. Ofisa mwenye jina anaogopa. Na kwa gereza ni vile vile. Kifungu cha 51 kinasema mfungwa anabaki na haki zake zote, isipokuwa ile ambayo haiwezekani kabisa kwa mtu aliyefungwa. Ukiomba korti "iboreshe hali ya gereza", utapata karatasi nzuri. Ukiomba mkuu wa gereza fulani ampeleke mfungwa fulani kwa daktari kabla ya Ijumaa, na arudi kortini Jumatatu kueleza, umepata kitu cha kufuatilia.

Huo mlango una mpaka wake. Msamaha mmoja ulitosha kufuta miezi sita, na amri ya kuleta watu haikusema nani aliwachukua. Kujua hiyo kunahitaji uchunguzi wa jinai, na ombi la kikatiba haliwezi kuufanya kazi yake.

Na huku kwetu Kongo? Katiba yetu, kifungu cha 18, inatoa masaa 48: yakipita, mtu aachiliwe au apelekwe mbele ya mahakama. Kifungu cha 162 kinaruhusu kila mtu kupeleka Korti ya Katiba sheria au amri ya serikali inayokwenda kinyume na Katiba. Lakini hiyo inashika maandishi, haishiki mlango wa kasho. Kwa hiyo mbele ya ofisa wa parke, mkiwa na avoka au bila avoka, tabia ile ile inafaa: saa na siku ya kushikwa viandikwe, jina la ofisa anayeshika funguo liandikwe, na barua iombe kitendo kimoja kwa tarehe moja. Tena tangu 2022 nchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mkazi wake anaweza kufika Mahakama ya Jumuiya huko Arusha bila kumaliza kwanza korti za nyumbani. Ila iko na kipimo kikali: miezi miwili tu tangu kitendo. Ikipita, mmechelewa.

Kwa hiyo ndugu yetu akishikwa leo, swali la kwanza lisiwe "watatulipa ngapi?" Liwe: nani anamshika, tangu saa ngapi, na tunataka aonekane lini?